Barua kwa mkuu wa shule kuhusu ushungi na swala ya adhuhuri

"Asalaam alaykum mwalimu. Binti yangu ameingia kidato cha kwanza mwaka huu, shule ya serikali ya kutwa hapa Moshi. Wiki ya pili mwalimu wa zamu alimwamuru avue ushungi pale mstarini. Adhuhuri nayo inampita, hajui aombe ruhusa kwa nani. Nataka kumwandikia mkuu wa shule, ila naogopa mtoto asije akachukiwa. Niandike nini?"
Mama wa Pasua, Moshi

Wa alaykumu salaam, mama. Kabla hujashika kalamu, keti na binti yako jioni moja umuulize yule mwalimu alisema maneno gani hasa. "Hapa hatuvai ushungi" ni jambo moja, na "huo ushungi si wa rangi yetu" ni jambo jingine kabisa. Nilikaa miaka mingi kwenye ofisi ya makamu mkuu wa shule, na kesi nyingi za aina hii zilizofika mezani kwangu hazikuanzia kwenye dini. Zilianzia kwenye ushungi mweusi uliovaliwa juu ya sare nyeupe na bluu, au ushungi mrefu uliofunika nembo ya shule, au mwalimu aliyehisi kuna nywele zimesukwa chini yake. Wasichana wa Kiislamu kuvaa ushungi na sare katika shule zetu za serikali ni jambo la kawaida. Kwa hiyo kama tatizo lilikuwa rangi, barua yako inabadilika sura: huombi tena ruhusa ya ushungi, unaeleza tu ushungi upi utavaliwa.

Jambo la pili la kumuuliza ni kama yeye mwenyewe anataka barua hii iandikwe. Mtoto wa kidato cha kwanza ndiye atakayesimama mstarini kesho yake, si wewe. Msomee rasimu. Akisema sentensi fulani itamwaibisha, ifute bila kubishana naye.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mkuu wa shule. Ana mamia ya wanafunzi na walimu wasiotosha, na kila ruhusa anayotoa anajiuliza vitu vitatu. Je, mtoto atakosa kipindi? Nani atakuwa anamwangalia? Na je, kesho watakuja wengine na maombi yasiyo na mwisho? Barua inayojibu maswali hayo kabla hajayauliza hukubaliwa haraka. Barua yenye kurasa tatu za aya na hadithi, hata kama kila neno ni la kweli, huwekwa kando "ili niisome vizuri", na hapo ndipo inapokaa.

Tuanze na ushungi, kwa kuwa ndio uliozua neno. Nenda shuleni, au mtume binti yako, mjue rangi iliyozoeleka pale. Shule nyingi hutumia nyeupe au rangi ya sweta. Chukua kitambaa cha pamba. Usichukue nailoni wala poliesta, na sababu yake ni maabara. Kidato cha kwanza wanaanza kufanya majaribio ya moto, na poliesta ikishika moto huyeyuka ikaganda kwenye ngozi, wakati pamba huungua bila kuganda hivyo. Mshonee ule wa kuvaa kwa kuingiza kichwa, usiohitaji pini. Pini huchoma wakati wa michezo, na ushungi unaofungwa kwa pini hufunguka mtoto akikimbia, kisha lawama inaangukia vazi zima. Uwe na urefu wa kufunika kifua lakini ncha zake ziweze kuingizwa ndani ya sweta anapokuwa maabara. Kama unafunika nembo, omba kununua nembo ya pili uishone kwenye ushungi wenyewe. Hilo la nembo linaonekana dogo, lakini mwalimu wa zamu anayetafuta nembo na asiione ana haki ya kuuliza.

Halafu kuna nywele. Shule zetu nyingi za serikali zinataka wasichana wawe na nywele fupi, na hofu kubwa ya walimu wa nidhamu ni kwamba ushungi utakuwa maficho ya kusuka. Usisubiri washuku. Andika wazi kwamba binti yako anafuata kanuni ya nywele kama wenzake, na kwamba ukaguzi ufanywe na mwalimu wa kike au matroni, faraghani. Nimeona sentensi hiyo moja ikimlainisha mwalimu wa nidhamu aliyekuwa amekunja uso tangu mwanzo wa kikao. Iseme pia kwa ajili ya mitihani: msimamizi wa kike akitaka kukagua chini ya ushungi, binti yako hatakataa.

Tukija kwenye swala, ndipo wazazi wengi wanapoharibu kwa kuomba zaidi ya wanachohitaji. Wanaandika "naomba mwanangu apewe muda wa swala". Mkuu wa shule asiye Mwislamu anasoma hapo swala tano, anaona mtoto akitoka darasani kutwa, na anakataa. Ukweli ni kwamba kwa mwanafunzi wa kutwa ni swala moja tu inayoangukia ndani ya saa za shule, nayo ni adhuhuri. Na hata hiyo haimlazimu kutoka kwenye kipindi, kwa sababu wakati wake ni mpana.

Hapa Moshi adhuhuri huingia mapema kuliko wakati wote mwanzoni mwa Novemba, yapata saa 6:15 mchana, na huchelewa kuliko wakati wote katikati ya Februari, yapata saa 6:45. Miezi mingine iko katikati ya hapo. Wakati huo unaendelea mpaka alasiri inapoingia, ambayo ni kati ya saa 9:20 na saa 10:05 kutegemea mwezi. Ratiba ya msikiti wenu inaweza kutofautiana na hesabu hii kwa dakika chache, kwa hiyo ichukue hiyo muilinganishe na ratiba ya masomo.

Tuseme ratiba ya shule yao iko hivi: chakula cha mchana saa 6:40 hadi 7:20, vipindi vinaisha saa 8:40, kisha masomo ya ziada mpaka saa 10:00. Binti yako akisubiri kuswali nyumbani, atafika Pasua karibu saa 10:35 na adhuhuri imeshatoka. Kwa hiyo ombi lako lina msingi. Lakini angalia pia kwamba mwezi wa pili kengele ya chakula inapigwa wakati haujaingia bado, kwa dakika chache. Basi mfundishe ale kwanza, aswali mwishoni mwa mapumziko. Novemba anaweza kuswali kwanza, ale baadaye. Rakaa nne za adhuhuri humchukua mtu dakika kama saba, na udhu na kutembea vikiongezwa ni robo saa. Robo saa ndani ya mapumziko ya dakika 40: hakuna kipindi kilichoguswa, na hilo ndilo la kuandika.

Alasiri usiiombee. Akitoka saa 10:00 ana muda wa kutosha kuswali nyumbani kabla ya jua kuzama, kwani hapa kwetu jua huzama kati ya saa 12:20 na saa 12:50 hivi. Na kama shule yenu haina masomo ya ziada, mtoto akatoka saa 8:40 na kufika nyumbani saa 9:15, pima kama unahitaji kuomba chochote kuhusu swala. Kuswali mwanzo wa wakati ni bora, hilo halina ubishi, lakini huenda barua ya ushungi peke yake ikapita kwa wepesi zaidi, na la swala likafuata muhula wa pili mkishazoeana.

Ijumaa vilevile. Swala ya Ijumaa ya jamaa si faradhi kwa wanawake. Binti yako anaswali adhuhuri yake ya kawaida, rakaa nne, palepale shuleni. Nimewahi kuona barua ya mama iliyoomba binti aruhusiwe kwenda msikitini kila Ijumaa kuanzia saa 6. Mkuu wa shule alishika hilo moja, la mtoto wa kike kutoka nje ya uzio wa shule mchana, akalikataa, na pamoja nalo yakaangukia mengine yote ambayo angeyakubali.

Kuhusu mahali, usiombe chumba cha swala, maana shule haina hata madarasa ya kutosha. Omba kona: darasa lao wenyewe wakati wenzake wako kwenye chakula, au pembe ya maktaba. Aswali mlango ukiwa wazi, na mwalimu wa kike mmoja ajue yuko wapi. Hilo linalinda usalama wake, na linajibu swali la nani anamwangalia. Kibla hakitampa shida. Makka kutoka Moshi iko karibu kaskazini kabisa, imeegemea mashariki kidogo sana, na Kibo nao uko kaskazini mwa mji. Akiuelekea mlima, ameelekea kibla. Hata siku ya mawingu, akishajua mlima uko upande gani wa darasa, imetosha.

Maji ya udhu ni jambo linaloleta ugomvi kimyakimya, maana bomba la shule huwa na foleni mchana, na sakafu ikilowa wa zamu ya usafi wananung'unika. Mfungashie chupa ya lita moja na ndala. Lita moja inatosha udhu kamili na kubaki, akimimina kidogo kidogo. Atawadhe nje kwenye majani au kwenye mfereji, si kwenye korido. Mswala uwe wa kitambaa chepesi kinachokunjika ndani ya begi.

Kuna jambo moja akina mama wengi huliacha kwa haya, kisha mtoto anateseka nalo. Siku za hedhi binti haswali. Mwalimu asiyejua ataona mtoto aliyeombewa ruhusa juzi leo hajaenda kuswali, atamuuliza mbele ya wenzake, pengine wavulana, "vipi, leo umeacha dini?" Andika tu: "Zipo siku ambazo hataswali kwa sababu za kidini zinazoeleweka, naomba asiulizwe mbele ya wenzake." Matroni ataelewa mara moja, na hakuna aliyeaibika.

Na sheria? Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini. Itaje kwa sentensi moja, katikati ya barua na si mwanzoni, wala usiifuatishe na neno "nitachukua hatua". Ukianza na Katiba, mkuu wa shule anasoma barua yako kama notisi ya wakili na anaipeleka kwa wakubwa wake kabla ya kukujibu. Dalili za Qur'ani nazo, Suratun-Nur aya ya 31 kwa ushungi na Suratun-Nisaa aya ya 103 kwa nyakati za swala, ziweke kichwani kwako. Ukiulizwa kwenye kikao utazisema. Na saumu ya Ramadhani usiichanganye humu. Ikikaribia, andika kijibarua chake.

Lile tukio la mstarini lisiwe shutuma. Lieleze kwa sentensi moja bila jina la mwalimu, kama sababu ya wewe kuandika. Hivi ndivyo ningeiandika mimi:

S.L.P. ……
Moshi
Tarehe ……

Mkuu wa Shule,
Shule ya Sekondari ……,
S.L.P. ……, Moshi.

Kupitia kwa: Mwalimu wa Darasa, Kidato cha Kwanza B

YAH: USHUNGI NA SWALA YA ADHUHURI KWA MWANAFUNZI …… WA KIDATO CHA KWANZA B

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama mzazi wa mwanafunzi aliyetajwa. Nashukuru kwa jinsi shule ilivyompokea. Wiki iliyopita aliagizwa kuvua ushungi mstarini, na nimeona ni wajibu wangu kueleza mapema ili walimu wasipate usumbufu tena.

Binti yangu ni Mwislamu na huvaa ushungi kwa imani yake. Kuanzia Jumatatu ijayo atavaa ushungi mweupe wa pamba, usio na pini, wenye nembo ya shule. Akiwa maabara ataingiza ncha zake ndani ya sweta, na kwenye michezo atavaa ule mfupi unaobana. Anafuata kanuni ya nywele ya shule. Naomba anapokaguliwa akaguliwe na mwalimu wa kike, faraghani.

Naomba pia aruhusiwe kuswali adhuhuri ndani ya mapumziko ya chakula, kwa muda usiozidi dakika 15. Hatakosa kipindi chochote, na kengele ikipigwa atakuwa darasani. Anaweza kutumia darasa lao au kona yoyote safi mtakayoona inafaa, mwalimu wa kike akiwa na taarifa. Atakuja na maji yake ya udhu na mswala wake. Hahitaji ruhusa ya kutoka nje ya shule siku ya Ijumaa. Zipo siku ambazo hataswali kwa sababu za kidini zinazoeleweka. Naomba asiulizwe mbele ya wenzake.

Naamini haya yanaendana na uhuru wa imani uliomo katika ibara ya 19 ya Katiba yetu, na pia na nidhamu ya shule, ambayo naiunga mkono. Kama kuna jambo ungependa turekebishe, niko tayari kufika shuleni siku utakayopanga. Nitashukuru nikipata jibu fupi la maandishi, na walimu wa zamu wakijulishwa.

Wako katika malezi ya mtoto,
(Sahihi)
Jina na namba ya simu

Iishie hapo, ukurasa mmoja. Kama binti yako anasoma shule ya msingi, au unamsaidia jirani mwenye mtoto huko, anayeandikiwa ni Mwalimu Mkuu.

Chapa nakala mbili na uzipeleke mwenyewe. Usimpe mtoto abebe, kwa sababu barua iliyobebwa na mtoto hupotea, na mtoto huogopa kuulizia. Pita kwanza kwa mwalimu wa darasa, umsalimie, umweleze kwa mdomo, kisha uende ofisini. Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa na uondoke nayo. Epuka Jumatatu asubuhi na wiki ya mitihani. Katikati ya wiki, baada ya mapumziko ya chai, mkuu wa shule huwa na nafasi ya kukusikiliza.

Ile sentensi ya "walimu wa zamu wakijulishwa" usiiondoe hata ukiona barua imekuwa ndefu. Walimu wa zamu hubadilika kila wiki. Mkuu wa shule anaweza kukubali kwa moyo wote, na wiki inayofuata akasimama mstarini mwalimu asiyejua lolote, mtoto akavuliwa tena. Kwa hiyo usiridhike na "sawa mama, hakuna shida" ya mdomoni. Hata mistari miwili yenye sahihi kwenye nakala yako inatosha, na binti abebe fotokopi yake ndani ya begi.

Baada ya hapo mtazame mtoto zaidi ya kumuuliza. Ushungi ukirudi nyumbani umekunjwa ndani ya begi, chupa ya maji ikarudi imejaa, kuna kitu kinaendelea hata kama anasema yuko sawa. Mara nyingi ni wenzake wanaomcheka, si walimu. Hapo mtu wa kumwona ni mwalimu wa malezi, si mkuu wa shule.

Wiki mbili zikipita bila jibu, rudi ofisini na nakala yako, uulize kwa upole. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Wakuu wengi wa shule wakiombwa kuandika sababu hurudi kuitafakari upya. Kama bado ni hapana, hatua inayofuata ni bodi ya shule, kisha Afisa Elimu Sekondari wa Manispaa, ukiambatisha barua yako na jibu lao. Barua ile ile ya upole ndiyo itakayokusaidia huko, maana itaonyesha uliomba nini na uliahidi nini.

Kama siku moja utamhamishia shule ya binafsi, hasa za taasisi za dini ambazo Kilimanjaro zimejaa, mambo ni tofauti. Pale unatia sahihi maelekezo ya kujiunga, na mengine yanataja mavazi na ibada waziwazi. Yasome, na barua hii uiandike kabla ya kulipa ada, wakati bado mnaweza kukubaliana au kuachana kwa heri.

Na nakala yenye muhuri itunze mpaka amalize kidato cha nne. Wakuu wa shule huhamishwa. Akija mpya, usianze upya na maombi. Mpelekee fotokopi na kijibarua cha mistari mitatu kumjulisha utaratibu uliokuwapo.